Kiunzi cha Chuma Chepesi na Nafasi ya Mlango: Mwongozo wa Kujenga Ukuta wa Kugawa Chumba

Ukuta mwepesi wa kugawa chumba ni ukuta usiobeba paa wala ghorofa, ambao hujengwa ndani ya jengo lililokwisha kusimama ili kutenga ofisi, duka au chumba cha kulala, na mwili wake ni kiunzi cha chuma chembamba kilichofunikwa kwa mbao za jipsamu pande zote mbili. Chuma hicho ni bati lililopakwa zinki lenye unene wa takribani nusu milimita tu, kiasi kwamba nguzo moja ikisimama peke yake huweza kupindwa kwa mkono. Ukuta hupata ugumu pale nguzo na jipsamu vinaposhikanishwa kwa skrubu nyingi vikawa kitu kimoja. Mlango hukata mshikamano huo katikati, kisha hupachika mahali hapohapo palipokatwa uzito unaoning'inia kwenye bawaba na kubamizwa kila siku. Kwa sababu hiyo ukuta wa namna hii hupangwa kuanzia kwenye mlango, hata kama mlango ndio unaofungwa mwisho.

Sehemu za kiunzi na majina yake

Kiunzi kina vipande vya aina mbili. Cha kwanza ni reli, ambayo mafundi wengi huiita treki: ni mfereji wenye mgongo bapa na mabawa mawili yaliyonyooka, nao hulazwa sakafuni na kufungwa darini ili kuonyesha ukuta utapita wapi. Cha pili ni nguzo, ambayo madukani huitwa stadi: nayo ina mgongo na mabawa mawili, ila kingo za mabawa yake zimekunjwa kidogo kwa ndani, hivyo upande mmoja wa nguzo umefungwa na mgongo na upande wa pili uko wazi, na upana wake umekadiriwa ili iingie ndani ya reli bila kulegea. Mgongo wa nguzo mara nyingi huwa na matundu yaliyokatwa kiwandani kwa ajili ya kupitishia mabomba ya nyaya za umeme.

Skrubu nazo ni za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa linalojirudia sana. Kushikanisha chuma kwa chuma hutumika skrubu fupi ya takribani milimita 13 yenye kichwa kipana kilicho bapa, ambacho hulala juu ya bati bila kuinuka. Kufunga jipsamu ya milimita 12 kwenye kiunzi hutumika skrubu nyeusi ya milimita 25, ambayo kichwa chake kimechongwa mfano wa tarumbeta ili kizame kwenye karatasi ya jipsamu pasipo kuipasua. Skrubu hiyo nyeusi ikitumika kuunganisha chuma kwa chuma, kichwa chake hakina mahali pa kuzama, hivyo hubaki kimeinuka juu ya bawa, na jipsamu itakayofungwa hapo baadaye hutuna na kuacha uvimbe unaoonekana hata baada ya rangi.

Kupanga vipimo kuanzia kwenye mlango

Ili hatua zifuatike kwa urahisi, mwongozo huu unachukua ukuta mmoja na kuujenga mwanzo hadi mwisho. Ukuta huo una urefu wa milimita 4200 kati ya kuta mbili za matofali, na kimo cha milimita 2600 kutoka sakafu ya saruji hadi zege la dari. Nguzo na reli ni za upana wa milimita 70, zinazouzwa kwa vipande vya mita 3, na jipsamu ina upana wa milimita 1200. Fremu ya mlango ni ya mbao, yenye kipimo cha nje cha milimita 900 kwa 2100, na mlango wenyewe ni mwepesi, wenye uwazi ndani.

Kipimo cha kwanza kinachotafutwa ni cha tundu la mlango, yaani nafasi inayoachwa ndani ya kiunzi kabla fremu haijaingizwa. Kila upande wa fremu huachiwa milimita 10 za kabari, ambazo ndizo humwezesha seremala kuinyoosha fremu hata kiunzi kikiwa kimepinda kidogo, hivyo upana wa tundu huwa milimita 920. Juu ya fremu huachwa milimita 10 vilevile. Lakini kimo cha mlango huhesabiwa kutoka sakafu itakayokanyagwa, si ile iliyopo siku ya ujenzi: ikiwa vigae vitalazwa baadaye, na vigae pamoja na gundi yake vitakula milimita 15, basi kimo cha tundu kutoka kwenye saruji ni 2100 jumlisha 10 jumlisha 15, yaani milimita 2125. Fundi akisahau vigae, mlango utakaofungwa utalazimika kupunguzwa chini kwa randa, na mlango wenye uwazi ndani hauna mbao nyingi za kupunguza.

Baada ya hapo hupangwa mistari ya nguzo. Nguzo husimamishwa kila milimita 600, kutoka katikati ya bawa hadi katikati ya bawa, kwa kuwa 600 ni nusu ya upana wa ubao wa jipsamu, na hivyo ukingo wa kila ubao huangukia katikati ya bawa ambalo mbao mbili huligawana. Kwa ukuta huu alama zinaangukia 600, 1200, 1800, 2400, 3000 na 3600, zote zikipimwa kutoka ukuta wa kushoto. Alama hizo haziondoki mahali pake kwa ajili ya mlango. Miimo, yaani nguzo mbili zinazosimama kando ya tundu, huongezwa juu ya mpangilio huo.

Sasa ndipo huamuliwa mlango ukae wapi. Pembe mbili za juu za tundu ndizo zinazopokea mtikisiko wote wa mlango unapobamizwa, na ikiwa maungio ya jipsamu yamewekwa juu ya mwimo moja kwa moja, ufa huanzia pembeni hapo na kupanda kuelekea darini. Kinga yake ni kuyaweka maungio ndani ya eneo lililo juu ya mlango, walau milimita 150 kutoka kwenye pembe, ili ubao mmoja mzima uizunguke kila pembe. Zaidi ya hayo, maungio ya upande mmoja wa ukuta hayapaswi kuangukia nguzo ileile iliyo na maungio ya upande wa pili, kwa hiyo juu ya mlango hutakiwa alama mbili za nguzo badala ya moja.

Katika ukuta huu masharti hayo yote hutimia tundu likiwekwa katikati, kuanzia milimita 1640 hadi 2560, kwani alama za 1800 na 2400 huangukia juu yake, kila moja ikiwa milimita 160 kutoka kwenye pembe iliyo karibu nayo. Upande wa kwanza wa ukuta utaanza na ubao mzima, na maungio yake yatakuwa kwenye 1200, 2400 na 3600. Upande wa pili utaanza na nusu ubao, na maungio yake yatakuwa kwenye 600, 1800 na 3000. Mlango ukisogezwa milimita 100 kulia, alama ya 1800 itakuwa milimita 60 tu kutoka kwenye pembe, na kasoro hiyo itafichwa na rangi kwa muda tu.

Vipimo hivyo hutoa pia hesabu ya vifaa. Reli ya darini ni milimita 4200, za sakafuni ni mbili za milimita 1640 kila moja, na ya kizingiti, kama itakavyoelezwa, ni 1220. Zote hupatikana katika vipande vitatu vya mita 3 vikikatwa kwa mpango. Nguzo ndefu ni nane, nazo ni mbili za kwenye kuta, mbili za miimo, na nne za alama za 600, 1200, 3000 na 3600, huku nguzo ya tisa ikitoa vinguzo viwili vya juu ya mlango.

Kufunga reli

Mstari wa ukuta hupigwa sakafuni kwa uzi wa chaki, kisha huhamishiwa darini kwa timazi, au kwa kifaa cha mwanga kama kipo. Si sahihi kupima upya darini kutoka ukuta wa pembeni, kwa sababu kuta za matofali hazisimami wima kabisa, na kosa la milimita 15 lililomo ndani yake huhamia kwenye ukuta mpya. Mahali pa mlango huandikwa sakafuni kwa alama mbili zinazoonekana wazi, na reli ya chini haipiti kati ya alama hizo.

Reli hufungwa kwenye zege kwa skrubu na plagi za plastiki, au kwa misumari ya zege, kwa nafasi isiyozidi milimita 600, na kila ncha ya reli huwa na kifungio kisichozidi milimita 50 kutoka ukingoni. Ncha zinazopakana na mlango hupewa vifungio viwili vilivyokaribiana, kwa sababu hapo reli haina mwendelezo wa kuisaidia, na mwimo unapotikiswa, ncha hiyo ndiyo inayojaribu kung'oka. Pale ambapo sauti haitakiwi kuvuka kutoka chumba hadi chumba, utepe wa sponji hubandikwa chini ya mgongo wa reli kabla haijafungwa, nao huziba mwanya ambao saruji isiyo laini huuacha.

Kusimamisha nguzo

Nguzo za kawaida hukatwa fupi kuliko kimo cha chumba kwa milimita 10, hivyo katika ukuta huu hukatwa milimita 2590. Upungufu huo ni wa makusudi: zege la dari hulegea kidogo kadiri linavyobeba mizigo, na nguzo iliyobana kabisa ingesukumwa hadi ikapinda na kuipasua jipsamu. Kwa sababu hiyohiyo nguzo hizi hazifungwi kwa skrubu kwenye reli ya juu, wala jipsamu haifungwi kwenye reli hiyo. Hushikiliwa na mabawa ya reli tu, na hupata utulivu wake jipsamu inapofungwa. Nguzo zote hukatwa upande mmoja, yaani ule wa juu, ili matundu ya kupitishia nyaya yabaki kwenye mstari mmoja. Moja ikigeuzwa juu chini, fundi umeme hulazimika kutoboa matundu mapya kwenye mgongo na kuudhoofisha.

Nguzo huingizwa ndani ya reli ikiwa imekaa upande, kisha huzungushwa mpaka mabawa yake yabane mabawa ya reli, na husogezwa hadi kwenye alama na kunyooshwa kwa pima maji. Isipokuwa zile zinazofungwa kwenye kuta na zile za miimo, nguzo zote huelekezwa upande mmoja, uwazi wake ukitazama ukuta ambako kazi ya jipsamu itaanzia. Sababu ya utaratibu huu huonekana bawa likikaguliwa kwa karibu: nusu yake iliyo jirani na mgongo ni ngumu, na nusu iliyo upande wa uwazi hurudi nyuma inaposukumwa na ncha ya skrubu. Ubao wa kwanza ukifungwa kwenye nusu iliyo laini, ubao wa pili huja kufungwa kwenye nusu ngumu na nyuso mbili hulingana. Mpangilio ukiwa kinyume, ubao wa pili hulisukuma bawa ndani, na kwenye maungio hubaki ngazi ndogo inayohisiwa kwa kidole na kuhitaji plasta nyingi kuificha.

Miimo na kizingiti

Mwimo hugeuzwa ili mgongo wake utazame tundu la mlango, kwa kuwa mgongo ni uso bapa ambao fremu huweza kuuegemea. Kanuni ya mwelekeo iliyotajwa hapo juu haiuhusu, kwa vile hakuna ukingo wa ubao utakaoangukia juu yake. Ndani ya uwazi wa kila mwimo huwekwa kipande cha mbao kavu, kinachorandwa hadi kikaingia bila kulegea. Kwa nguzo ya milimita 70 kipande hicho huwa takribani milimita 68 kwa 33, lakini kipimo halisi huchukuliwa ndani ya nguzo yenyewe. Kwa kuwa kingo zilizokunjwa zimepunguza mdomo wa nguzo, mbao haiwezi kuingizwa kutoka upande, bali husukumwa kutoka mwisho mmoja kama droo, na hivyo kazi hii hufanywa nguzo ikiwa bado imelala sakafuni. Mbao mbichi isitumike, maana ikikauka hujipinda na kuuvuta mwimo pamoja nayo. Faida ya mbao hiyo ni mbili: mwimo huacha kujinyonga, na skrubu za fremu hupata kitu cha kung'ata, kwani skrubu ndefu iliyoshikwa na nusu milimita ya bati tu hulegea baada ya mlango kubamizwa mara nyingi.

Miimo, tofauti na nguzo nyingine, hufungwa kwenye reli ya chini na ya juu kwa skrubu za chuma kwa chuma, mbili kila bawa. Kabla ya kufungwa, kila mwimo hupimwa kwa pima maji katika nyuso mbili, ule unaotazama tundu na ule utakaobeba jipsamu, kwa sababu mwimo unaweza kuwa wima upande mmoja na kuinama upande mwingine, na hapo mlango uliofungwa vizuri hufunguka wenyewe.

Kizingiti, yaani kipande kinacholala juu ya tundu, hutengenezwa kwa reli. Reli hukatwa kwa urefu wa upana wa tundu ukijumlishwa milimita 150 kila upande, yaani 920 na 300, jumla 1220. Kwenye alama ya milimita 150 kutoka kila ncha, mabawa yote mawili hukatwa kwa mkasi wa bati hadi kufikia mgongo bila kuukata, kisha ncha hukunjwa kuelekea chini, mabawa ya sehemu ya katikati yakiwa yametazama juu. Ikikunjwa hivyo, kila ncha huwa kama kiatu: mgongo wake hulala juu ya mgongo wa mwimo, na mabawa yake huukumbatia mwimo kutoka pande mbili. Kingo zilizokatwa ni kali kama wembe, na glovu hazikwepeki. Uso wa chini wa kizingiti husawazishwa kwenye milimita 2125, na kila kiatu hufungwa kwa skrubu mbili kila bawa. Skrubu zikipigwa kwenye mabawa badala ya mgongo, hakuna kichwa kitakachozuia fremu ndani ya tundu.

Vinguzo viwili hukatwa kwa kimo kilichobaki, yaani 2600 kutoa 2125, ambacho ni 475, kisha hupunguzwa milimita 10 na kuwa 465. Husimamishwa kwenye alama za 1800 na 2400, uwazi ukielekea upande uleule wa nguzo nyingine, na hufungwa kwenye kizingiti tu. Viwili hivi ndivyo vitakavyobeba maungio ya jipsamu juu ya mlango.

Ujenzi huu una mpaka wake. Katika desturi ya Kijerumani, nguzo za kawaida hukubaliwa kuwa miimo pale kimo cha ukuta kisipozidi mita 2.6, upana wa mlango milimita 885, na uzito wake kilo 25. Zaidi ya hapo hutakiwa nguzo maalumu zenye unene wa milimita 2, zinazofungwa kwenye zege la chini na la juu kwa vyuma vya pembe. Mlango wa mninga au mvule uliochongwa kwa mbao nzima hupita uzito huo kwa urahisi, na mwimo wa bati, hata ukiwa na mbao ndani, si mahali pake.

Ukaguzi kabla ya jipsamu

Tundu hukaguliwa kwa futi kabla ya ubao wowote kufungwa. Upana hupimwa juu, katikati na chini, na ukipungua katikati ni dalili kwamba mwimo umetuna, mara nyingi kwa sababu ya mbao iliyolazimishwa kuingia. Kisha hupimwa kona kwa kona: katika tundu la milimita 920 kwa 2125 vipimo vyote viwili huwa karibu 2316, na tofauti kati yake huonyesha kwamba kizingiti kimelala upande au kwamba mwimo mmoja umehama chini. Mwishowe mwimo husukumwa kwa kiganja kwenye kimo cha kitasa. Kuyumba kidogo ni kawaida, kwani jipsamu bado haijafungwa, lakini ncha ya chini ikihama pamoja na reli, kifungio cha sakafuni hakijashika, na plagi hutakiwa ihamishiwe kwenye tundu jipya badala ya kukazwa tena palepale.

Jipsamu inapofikia mlango, ubao haukomi kwenye mwimo bali hupita juu yake na kukatwa umbo la bendera, ukiwa na mkono unaofika hadi katikati ya kinguzo. Skrubu zake hupigwa kila milimita 250 hadi 300, wala hazipigwi kwenye reli ya juu. Upande wa kwanza ukishafungwa, nyaya na mabomba yake hukamilishwa kwa nyuma, na miimo hukaguliwa tena kwa pima maji, kwa sababu ubao uliofungwa kwa haraka huweza kuuvuta mwimo milimita kadhaa. Mwimo uliovutwa hurekebishwa wakati huo kwa kulegeza skrubu chache. Upande wa pili ukishafungwa, marekebisho hayohayo humaanisha kuukata ubao.